Foili Nyuma ya Ruta: Inachofanya na Isichofanya

Kila baada ya miezi michache video ileile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu anachukua kopo tupu la soda, analipasua ubavuni, analikunjua na kulisimamisha nyuma ya antena ya ruta. Mwingine anatumia foili ya jikoni, ile ya kufungia samaki wa kuoka. Sekunde chache baadaye skrini ya simu inaonyesha kasi ya intaneti imepaa. Watazamaji hugawanyika pande mbili: wapo wanaoamini na kukimbilia kabatini kutafuta foili, na wapo wanaocheka na kusema huo ni utapeli mtupu. Wote wawili wamekosea, na mwenye kucheka huenda amekosea zaidi.

Foili inafanya kazi. Ila kazi inayoifanya siyo ile inayotangazwa kwenye video.

Ruta ya nyumbani hurusha mawimbi ya redio kwa nguvu ndogo sana. Ulaya, kwa mfano, kikomo cha bendi ya gigahezi 2.4 ni miliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati moja. Nguvu hiyo inatoka kwenye umeme ulioingia kwenye ruta na hakuna kwingine inakoweza kutoka. Foili haina betri wala haijachomekwa ukutani, kwa hiyo haiwezi kuongeza hata chembe. Inachoweza ni kuyazuia mawimbi yaliyokuwa yanakwenda upande mmoja na kuyarudisha upande wa pili. Chumba kilicho mbele ya foili kinapata zaidi, na kilicho nyuma yake kinapata pungufu. Aliyerekodi video alisimama mbele. Hakwenda jikoni kupima.

Wapo watu waliolifanyia jambo hili utafiti wa dhati. Mwaka 2017 kundi la watafiti wakiongozwa na Xia Zhou wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitengeneza programu ya kompyuta inayosoma ramani ya vyumba, mahali ruta ilipo, na sehemu ambazo mwenye nyumba anataka zipate mawimbi au zisipate. Programu ilikokotoa umbo la kiakisi linalofaa, umbo lenye mikunjo na mawimbimawimbi ambalo hakuna mtu angelibuni kwa mkono. Walilichapisha kwa plastiki kwenye printa ya vitu vya pande tatu, kisha wakalifunika kwa foili ya kawaida. Matokeo yao: sehemu zilizolengwa zilipata nyongeza ya hadi desibeli 6, na sehemu zilizokusudiwa kunyimwa zilipungukiwa hadi desibeli 10. Tazama namba hizo mbili kwa makini. Hata katika mikono ya wataalamu, foili iliweza kunyima kuliko kutoa. Kwao hilo lilikuwa sehemu ya lengo, kwa sababu walitaka pia kuzuia WiFi ya ofisini isivuje hadi barabarani ambako mtu mwenye nia mbaya angeweza kuidaka.

Desibeli zisikutishe. Ni namna ya kuhesabu kwa mara badala ya kwa kujumlisha: kila desibeli 3 nguvu inakuwa mara mbili, kila desibeli 10 inakuwa mara kumi. Simu huonyesha nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm, na namba zake ni hasi, kwa hiyo iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora. Ukisoma −50 uko vizuri mno. Karibu na −67 bado unaweza kupiga simu ya video bila kukatikakatika. Ukifika −80 utaona alama ya WiFi juu ya skrini lakini ukurasa haufunguki. Nyongeza ya desibeli 6 ya wale watafiti ni mara nne ya nguvu, ambayo kwa masikio inasikika kubwa. Lakini simu iliyokuwa kwenye −80 itafika −74 tu, na hapo bado unahangaika.

Sasa linganisha na jambo lisilohitaji foili. Katika uwazi usio na kuta, ukipunguza umbali kati yako na ruta kwa nusu, unapata desibeli 6 zilezile. Kuisogeza ruta kutoka mita nane hadi mita nne kunakupa kilichowapatia watafiti wale sifa, bila kukikata kopo na bila kumnyima mtu wa jikoni.

Kuna ugumu mwingine ambao video hazigusi kabisa, nao ni umbali kati ya foili na antena. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Wimbi linapogonga chuma na kurudi, hugeuka: kilele kinakuwa bonde na bonde linakuwa kilele. Ukiisimamisha foili bapa sentimita 3 nyuma ya antena, wimbi lililorudi linakutana na lile la mbele yakiwa yamelingana, kilele juu ya kilele, na yanasaidiana. Ukiirudisha nyuma hadi sentimita 6, yanakutana kilele juu ya bonde na yanafutana. Tofauti ni upana wa vidole viwili tu, na matokeo yamepinduka. Ndiyo sababu jirani mmoja anaapa foili imemwokoa na mwingine, kwa foili ya duka lilelile, anaona mambo yameharibika.

Halafu ruta nyingi za sasa zina bendi mbili, ya 2.4 na ya 5. Wimbi la gigahezi 5 ni fupi, halifiki sentimita 6. Kwa wimbi hilo zile sentimita 3 zilizokuwa dawa kwa bendi ya kwanza ndizo sumu, maana ni karibu nusu ya urefu wake, na hapo ndipo mawimbi hufutana. Ndani ya nyumba mambo hayafutiki kabisa, kwa kuwa kuta, dari na makabati nayo hurudisha mawimbi kutoka kila upande na kuziba sehemu ya pengo. Ila unaweza ukaipandisha bendi moja na kuishusha nyingine kwa kipande kilekile cha foili, na usijue, kwa sababu simu yako huhamia yenyewe kutoka bendi moja hadi nyingine bila kukuambia.

Niseme pia sifa ya foili ambayo waliopinga huisahau. Kiakisi hufanya kazi pande zote mbili: kinachosaidia ruta kusikika mbele kinaisaidia pia kusikia kutoka mbele. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu WiFi ni mazungumzo. Simu lazima ijibu kila kinachotumwa, na simu ina antena ndogo na betri ndogo. Wale wanaoingia kwenye mipangilio ya ruta na kubadilisha jina la nchi ili ruta irushe kwa nguvu kubwa zaidi wanaipa ruta sauti, lakini hawaipi masikio. Vijiti vya WiFi kwenye simu vinajaa, na bado ukurasa unazunguka, kwa kuwa jibu la simu halifiki. Kati ya hila hizo mbili, foili ndiyo yenye akili zaidi.

Na ikitengenezwa ipasavyo, ikawekwa pande zote mbili, chuma kinachoakisi hufanya maajabu. Mwaka 2007 mhandisi wa Venezuela, Ermanno Pietrosemoli, na wenzake waliunganisha WiFi umbali wa kilomita 382, karibu mara mbili ya barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Walitumia madishi makubwa, moja kila upande, yakitazamana kutoka juu ya milima bila kizuizi katikati. Dishi ni foili iliyosomeshwa. Lakini mtu akikaa mbali pembeni, nje ya mwale wa madishi yale, hapati kitu, na nyumbani kwako hakuna anayekaa kwenye mstari mmoja na simu yake kutwa nzima.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya mjini, ya vyumba vitatu, kuta za matofali ya saruji, paa la bati. Ruta ipo sebuleni kwenye kona, chini, nyuma ya televisheni, kwa sababu hapo ndipo soketi ilipo na hapo haionekani kwa wageni. Mtoto analalamika kwamba chumba cha nyuma hakishiki. Namba nitakazozitaja ni za mfano, ila ukipima nyumba ya aina hii hutakuwa mbali nazo. Sebuleni simu inasoma −45. Kwenye korido inasoma −60. Jikoni, upande wa pili wa sebule, −62. Chumba cha nyuma, baada ya kuta mbili, −79.

Baba anaweka foili. Akiipatia umbali, chumba cha nyuma kinapanda hadi −75. Mtoto anasema afadhali, ingawa bado video inasimama. Jikoni kumeshuka hadi −71, na jioni mama, aliyezoea kufuatilia mapishi kwenye simu huku sufuria ikiwa motoni, anauliza nani amechezea mtandao. Kwa jumla nyumba haijapata kitu; imehamisha shida kutoka kwa mtoto na kuigawa kwa mama.

Sasa tuitoe ruta pale chini. Televisheni ni bamba la chuma lililosimama mbele yake, na sakafu inakula sehemu ya mawimbi bure. Tuiweke kwenye korido, juu ya usawa wa mlango, katikati ya nyumba. Chumba cha nyuma sasa kimetenganishwa nayo na ukuta mmoja badala ya miwili. Ukuta wa saruji peke yake unaweza kula desibeli 10 au zaidi, na bendi ya gigahezi 5 huumia kuliko ya 2.4. Kuondoa ukuta mmoja njiani na kupunguza umbali kunaleta chumba kile kwenye −63 hivi. Jikoni kunabaki karibu palepale. Sebule inashuka kutoka −45 hadi −55 na hakuna atakayeona tofauti, maana −55 ni nzuri sana. Hapa mtu amepata na hakuna aliyenyang'anywa, kwa sababu tumechukua ziada ya sebuleni iliyokuwa haina matumizi.

Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa, hesabu ni nyingine. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene kiasi kwamba dirisha linatosha mtu kukaa. Huko ruta moja haiwezi kuhudumia nyumba nzima hata ukiiweka wapi, na foili haina hata la kusema. Nitarudi hapo.

Baada ya foili inakuja imani ya antena. Simama dukani kidogo usikilize: "Hii ina antena nane, mama, inapenya mpaka kwa jirani." Mama anaitazama, inafanana na buibui aliyelala chali, na anaamini. Ukweli ni kwamba antena nyingi hazimaanishi nguvu nyingi. Zinapokuwa za kweli, kila moja ina redio yake ndani, na kazi yake ni kubeba mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja. Ili mikondo minne ipite, ruta iwe na minne na simu pia iwe na minne. Simu nyingi zina antena mbili za WiFi, na za bei ya chini zina moja. Antena zilizobaki zinasaidia kiasi, hasa kama ruta ina uwezo wa kuelekeza mawimbi kwa kifaa fulani au kama watu wengi wanatumia kwa pamoja, lakini hazizidishi umbali kwa mara nane. Na zipo ruta za bei rahisi ambazo ukizifungua unakuta baadhi ya antena ni plastiki tu, hazina waya unaofika kwenye bodi.

Wengine hununua antena ndefu na kuzibadilisha na zile zilizokuja na ruta. Kwenye boksi imeandikwa 9 dBi, na mnunuzi anasoma kama nguvu. Antena iliyosimama wima hurusha mawimbi kuizunguka pande zote, na hurusha machache sana kwenye ncha yake ya juu na ya chini. Antena yenye dBi kubwa hulikandamiza umbo hilo, kama mpishi anavyolikandamiza donge la chapati: linatanuka na kufika mbali pembeni, lakini unga ni uleule, na kimo chake kimepotea. Kwenye nyumba ya chini isiyo na ghorofa hilo linaweza kukufaa. Kwenye ghorofa, antena ya 9 dBi iliyosimama wima inampelekea WiFi jirani wa mlango wa pili na kumnyima mtoto aliye chumba cha juu. Anayetaka mawimbi yapande ghorofani ailaze antena moja, na nyingine aiache imesimama. Hiyo haina gharama.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine unaotokana na ruta za laini, zile zinazotumia kadi ya simu badala ya kebo ya faiba. Nyingi zina matundu mawili nyuma ya kuchomekea antena za nje. Watu hununua antena, wanazifunga, halafu wanashangaa kwamba chumbani WiFi iko vilevile. Antena zile mara nyingi si za WiFi. Ni za mawasiliano kati ya ruta na mnara wa kampuni ya simu, na WiFi inatoka kwenye antena nyingine zilizofichwa ndani ya boksi. Zinaweza kuwa msaada mkubwa kama mnara uko mbali, lakini zinatibu ugonjwa tofauti.

Na hata ukinunua kwa sababu sahihi, angalia kichwa chake. Matundu ya antena ya mnara na ya antena ya WiFi yanafanana kwa umbo na yanafungana kwa hesi ileile. Tofauti iko katikati: moja ina pini, nyingine ina kitundu. Antena ya mnara kwa kawaida ina pini inayoingia kwenye kitundu cha ruta. Antena ya WiFi mara nyingi ina kitundu, kwa hiyo ukiifunga hapo kitundu kinatazamana na kitundu. Inajifunga vizuri, inakaza, inapendeza, na haigusi chochote. Ruta imepoteza antena yake huku mwenye nyumba akijipongeza. Kabla ya kulipa, ipindue antena uangalie katikati ya kichwa chake, kisha angalia tundu la ruta.

Vile vigawanyio vinavyouzwa ili tundu moja libebe antena mbili vinastahili sentensi moja tu: kila antena inapata nusu ya nguvu, na sehemu nyingine inapotelea kwenye kigawanyio chenyewe.

Programu za simu ndizo uongo ulio wazi zaidi, na ndizo zinazopakuliwa sana kwa sababu ni za bure. Unafungua, unaona roketi au mshale unaozunguka, kisha maandishi ya kijani: mawimbi yameongezwa kwa asilimia fulani. Nguvu ambayo simu hurusha kwenye WiFi huamuliwa na chipu ya redio na programu iliyofungwa ndani yake na mtengenezaji, kwa kufuata sheria za masafa. Programu uliyoipakua haifiki huko. Wala haiwezi kuifanya antena iliyo ndani ya simu idake mawimbi ambayo hayakufika.

Kwa nini basi baadhi ya watu huapa kwamba zilisaidia? Zamani programu hizi zilikuwa na hila moja yenye ukweli ndani yake: ziliizima WiFi na kuiwasha tena. Simu iliyokuwa imeng'ang'ania ruta ya mbali au bendi mbovu ilijiunga upya na ile iliyo karibu, na kwa kweli mambo yakawa bora. Kitu hichohicho unakifanya kwa kidole chako mwenyewe kwa sekunde mbili. Na tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu zilizotengenezwa kwa mfumo huo au ulioufuata hazina tena ruhusa ya kuzima na kuwasha WiFi ya simu. Hila ile ya zamani ikafungiwa mlango. Kilichobaki ni roketi na matangazo, na matangazo hayo yanapakuliwa kwa bando lako. Angalia pia zinachoomba: programu inayodai kuongeza mawimbi na papo hapo inataka kusoma majina ya simu yako haina shida na mawimbi.

Kuna programu za kweli, ila kazi yake ni kupima. Zile zinazoitwa vichambuzi vya WiFi huonyesha dBm ya mtandao wako na ya majirani, pamoja na chaneli wanazotumia. Zitakuomba ruhusa ya mahali ulipo, na hapo Android yenyewe ndiyo inayolazimisha, kwa kuwa orodha ya mitandao iliyo karibu inaweza kufichua uko wapi. Kwa mtu anayeishi kwenye jengo la fleti hicho ni chombo cha thamani. Kwenye bendi ya 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Ukikuta majirani sita wamerundikana kwenye 6 na 1 haina mtu, hamia 1 kwenye mipangilio ya ruta. Mawimbi hayataongezeka hata desibeli moja, lakini ruta yako haitasubiri tena zamu ya kuzungumza.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya foili kutoka jikoni: je, shida ni WiFi kweli? WiFi ni kipande cha njia kati ya simu na ruta. Kutoka ruta kwenda duniani ni kipande kingine, cha faiba au cha mnara, na hicho kikijaa jioni watu wote wanapokuwa nyumbani, hakuna chuma cha jikoni kitakachokisaidia. Kuvitenganisha vipande hivyo ni rahisi ukiwa na kompyuta. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, na usome namba iliyo mbele ya maneno Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Tuseme ni 192.168.1.1. Kisha andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaita ruta iliyo chumba cha pili. Ya pili inaita seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba. Ukiona ruta inajibu kwa milisekunde chache, bila jibu lolote kupotea, na ya pili inajibu kwa mamia ya milisekunde au inapoteza majibu, WiFi yako ni nzima. Mpigie simu anayekuuzia intaneti. Ukiona ruta yenyewe inajibu kwa kusuasua na majibu mengine yanapotea, basi shida iko ndani ya nyumba, na hapo ndipo pa kuangalia kuta, mahali ruta ilipo na chaneli. Fanya jaribio hilo kwenye chumba kibaya, kisha ulirudie ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta. Ikiwa karibu kunatengemaa na mbali kunaharibika, umejua.

Mwenye ruta ya laini ana mtihani wa ziada. Mnara unataka ruta ikae dirishani, nyumba inataka ruta ikae katikati, na zile nondo za dirisha pamoja na bati la paa hazimpendi yeyote. Hapa ndipo zile antena za nje zinapostahili pesa: ruta inakaa katikati ya nyumba na antena inapanda nje kwa waya wake, au ruta inabaki dirishani na ya pili inawekwa ndani, zikiunganishwa kwa kebo.

Zile ekstenda za kuchomeka kwenye soketi nazo si hila, ila watu wengi huziweka chumba kisichoshika, mahali ambapo ekstenda yenyewe haisikii kitu cha kurudia. Iweke njiani, mahali ambapo simu bado inasoma kama −65. Na ujue kwamba aina ya bei nafuu inayotumia redio moja kupokea na kurusha itakupunguzia kasi hadi karibu nusu, kwa sababu kila neno linasemwa mara mbili.

Kwa nyumba ya mawe, kwa ghorofa mbili, au kwa mtu ambaye ameshasogeza ruta na bado chumba cha nyuma kinasoma −75, jibu ni kebo. Nunua mita za kutosha za kebo ya Cat 6, ipitishe juu ya mlango au nje ya ukuta, na mwishoni mwake funga ruta ya pili iliyowekwa kama kituo cha WiFi. Ile ruta ya zamani uliyoiweka kabatini mara nyingi inatosha, mradi uzime huduma yake ya DHCP na uichomeke kwenye tundu la LAN, usitumie la WAN.